Duka Lisilosema Hakuna

Kaka yangu wanamwita Kipo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Ingia dukani umwulize sabuni, betri, sindano, hata dawa ya panya, atakujibu "kipo" kabla hujamaliza kutaja. Watoto wa mtaa walikuwa wakimjaribu. Mmoja alimwuliza kama kuna kwato za mbuzi, akajibiwa kipo, ngoja kidogo.

Lawama nyingine ni za marehemu baba yetu. Yeye ndiye aliyetuachia duka, na yeye ndiye aliyetuachia sheria kwamba humo ndani hapasemwi hakuna. Alikuwa akisema mteja akiambiwa hakuna mara moja, miguu yake inajifunza njia nyingine. Lakini baba alikuwa akizunguka mle ndani kila asubuhi, anashika hiki, anatikisa kile, anajua nini kinaelekea kwisha kabla hakijaisha. Kaka alirithi msemo, kuzunguka akamwachia marehemu. Yeye hukaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, mgongo ukutani, na kutoka hapo huliangalia duka lake kama mtu anavyoangalia mtoto wake siku ya picha.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu imekaa kwenye kibaraza cha duka hilo tangu nianze kazi, na wateja wake ndio wanaonitupia suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha. Nikiinama kulia naiona kaunta. Nikiinama kushoto nauona uchochoro unaotoka mlango wa nyuma kwenda kwa Mama Pacha. Kwa hiyo usiniulize nimejuaje.

Mama Pacha ana duka mtaa wa pili, duka baya sana. Rafu zake zina mapengo kama mdomo wa kibogoyo, rangi imebanduka, na yeye mwenyewe hana habari ya kumbembeleza mtu. Ukimwuliza kitu asichokuwa nacho anakwambia hakuna, hicho siuzi, anaendelea na shughuli zake. Kaka alikuwa akimcheka mpaka machozi. Alisema mwanamke yule anafukuza riziki kwa ulimi wake mwenyewe.

Sasa sikiliza tulivyokuwa tukifanya, maana hapa ndipo aibu yetu ilipotagia mayai. Mteja anataka kitu, kitu kimekwisha. Kaka anasema kipo, kinatolewa stoo, kisha anakohoa. Stoo yenyewe ni chumba wanacholala watoto wake. Wifi yangu akisikia kikohozi anajitupia mtandio, anatoka mlango wa nyuma, anapita uchochoroni mpaka kwa Mama Pacha, ananunua kitu kile kwa bei anayonunua kila mtu, anakificha chini ya mtandio na kurudi. Kaka anakipokea, anakifuta vumbi lisilokuwepo, anamwuzia mteja kwa bei ileile. Faida hapo ni jasho la wifi. Na mimi kazi yangu ilikuwa kumzuia mteja asichoke kungoja. Nilimwuliza habari za nyumbani, nikasifu kitambaa alichovaa, na akionyesha dalili ya kuondoka nilimpima gauni ambalo hakuagiza.

Wifi hakulalamika. Ni mwanamke mwenye mikono ya kupanga vitu, na duka lile lilikuwa zuri kwa ajili yake. Kila asubuhi alipangusa makopo, akayageuza yatazame mbele, akahakikisha hakuna pengo hata moja. Sabuni za kufulia zikiisha, alitoa makopo mengine ya rangi ya viatu katonini yakajaa mahali pake. Mafuta ya kupikia yakiisha, chupa nyingine za chai zilitolewa. Ukisimama barabarani unaona duka limeshiba. Watu walisimama kulisifu, halafu wakaenda kununua sabuni kwa Mama Pacha.

Hiyo rangi ya viatu nayo ina kisa chake. Ilikuwa ya bluu. Sijawahi kuona mtu mtaani kwetu mwenye viatu vya bluu vya ngozi, na kaka naye hajawahi. Aliyemuuzia ni kijana wa gari la jumla tuliyempa jina la Ofa, kwa sababu hakuna siku aliyoshuka garini bila ofa mdomoni. Gari lake hupita kila Jumatatu. Nunua katoni mbili upewe ya tatu, bosi. Chukua chupa za chai nikuongezee mishumaa ya keki, bosi. Kaka akiitwa bosi mara tatu akili inamtoka kwa masikio. Alinunua rangi ya bluu, alinunua albamu za picha wakati watu wote picha zao ziko kwenye simu, alinunua poda yenye harufu iliyompendeza Ofa mwenyewe. Na kwa kuwa mfuko wa mtu una kina chake, kila alipomaliza kununua ofa zilibaki hela za sukari kidogo na sabuni kidogo, vitu ambavyo watu wanavigombania, na ikifika katikati ya wiki vimekwisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema. Kwetu kibaya kilikuja kwa gari.

Aliyelishika duka lisianguke alikuwa mtu mmoja, mwalimu wa chekechea iliyo nyuma ya mtaa wetu. Wengine wananunua kiberiti na wembe. Mwalimu ananunua sukari ya uji wa watoto, unga, sabuni za mikono, karatasi za chooni, kila wiki, na hana tabia ya kuomba kupunguziwa. Kaka mwenyewe aliniambia siku moja, tukiwa wawili, kwamba mwalimu akihama yeye atafunga milango na hajui atawalisha nini wanawe. Aliniambia huku anacheka. Mimi namjua kaka yangu, akiogopa ndipo anapocheka.

Jumatatu moja Ofa alikuja kama kawaida. Nilikuwa nashona kola na masikio yangu yalikuwa dukani. Alimwuliza kaka, sukari vipi, bosi? Kaka akageuza shingo kutoka kigodani, akatazama rafu ya sukari. Rafu ilikuwa nyeupe, imejaa vifuko mwanzo hadi mwisho. Akasema sukari ipo ya kutosha. Halafu akamwita mkewe athibitishe, akamwuliza sukari ikoje. Wifi akasema, imepungua kidogo. Kaka akasema kupungua ndiko kuuzika, na akachukua katoni nyingine ya chupa za chai kwa sababu safari hiyo zilikuja na vikombe.

Siku ya pili yake, uji ukiwa jikoni, mwalimu akaja mwenyewe. Kwa kawaida humtuma mpishi. Alikuwa na haraka, viatu vimejaa vumbi la uwanja. Alitaka sukari, mpishi amekuta kopo ni tupu na watoto wameshakaa na vikombe. Kaka akasema kipo. Akanyoosha mkono kwenye rafu nyeupe, akashusha kifuko, na mkono wake ukaganda hapohapo.

Ilikuwa chumvi. Wifi alikuwa na vifuko viwili tu vya sukari vilivyobaki mwisho wa wiki, akaviweka mbele, na nyuma yake na kandokando akajaza vya chumvi ili pengo lisionekane. Vile viwili vilinunuliwa. Chumvi ikabaki pale, safi, imepangwa, na kutoka kigodani chumvi na sukari ni ndugu mapacha.

Kaka akakohoa.

Wifi akatoka mbio na mtandio. Nami nikaianza kazi yangu. Karibu kibarazani mwalimu, jua kali hilo, hebu nikuone kiuno, kuna mshono mpya umeingia utakukaa vizuri. Nikachukua futi yangu ya kamba, nikamzungushia. Mwalimu akaitazama ile futi, akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "wiki iliyopita ulinipima. Na wiki ya kabla yake. Mimi nanenepa kwa kasi hiyo?"

Mwalimu aliivua futi taratibu, akanirudishia, akasema watoto wanasubiri, atatafuta kwingine, na akashika njia. Nilimwona akikata kona kuelekea kwa Mama Pacha na nikatamani ardhi inifunike mimi na cherehani yangu. Nilipiga kelele kumwita kaka. Kaka alisimama mlangoni, ile chumvi mkononi.

Yaliyotokea huko niliyasikia kutoka kwa wifi mwenyewe, na hakuyasema siku hiyo. Alikuwa kwenye kaunta ya Mama Pacha, kifuko cha sukari kimeshawekwa mbele yake, anakiingiza chini ya mtandio. Akasikia salamu nyuma yake. Akageuka, akakutana uso kwa uso na mwalimu. Mwalimu akaangalia sukari. Akaangalia mtandio. Mama Pacha, ambaye hana uovu ila ulimi wake hauna breki, akamwuliza wifi mbele ya watu, leo huchukui na sabuni? Maana kwa Kipo najua zimeisha tangu Jumamosi.

Wanawake waliokuwa pale hawakucheka. Wifi anasema wangecheka ingekuwa nafuu. Mwalimu alisema tu, kwa upole, "Kumbe sukari yangu siku zote ilikuwa inatoka hapa." Akanunua ya kwake, akaenda zake kwa watoto. Wifi akabaki amesimama na kile kifuko, hajui akirudishe au akibebe, mpaka Mama Pacha akamwambia aende, jua linapanda.

Alirudi kwa mlango wa mbele. Hilo ndilo lililonishtua. Miaka yote alikuwa akirudi kwa uchochoro, leo akapita barabarani, mtandio uko begani, sukari mkononi mchana kweupe, akapanda kibaraza bila kunitazama. Akaiweka kwenye kaunta mbele ya kaka.

Nilitegemea maneno makali. Namjua wifi, ulimi wake ukiamka hata kuku wanarudi bandani. Lakini hakufoka. Alisema, "Mlango wa nyuma sipiti tena."

Kaka akaanza kujitetea, na alipokosa pa kushika akamgeukia yeye. Kwa nini hukuniambia sukari imekwisha? Nilikuuliza mbele ya Ofa, ukasema imepungua kidogo.

"Ningesema nini?" wifi akamwuliza. "Humu ndani hakuna haisemwi. Nilipoolewa nilisema mara moja, marehemu baba mkwe akanitoa dukani mbele ya wateja. Toka siku hiyo kitu kikiisha nasema kimepungua. Na wewe hujawahi kuinuka hapo ukaangalia."

Futi bado iko shingoni, maneno yale yalinipiga na mimi. Siku ile ya kutolewa dukani nilikuwepo, nilikuwa msichana mkubwa, na nilicheka.

Alichofanya wifi baada ya hapo sitakisahau. Alipanda kwenye stuli, akaanza kushusha vitu rafuni. Kila alichokishusha alikitazama chini yake kwanza, kisha ubao aliokitoa. Nikamsogelea nione anatafuta nini. Mbao za duka letu ni za zamani, na wifi alikuwa akipangusa makopo kila siku lakini hakuyainua. Kopo la rangi ya bluu lilipoinuliwa, chini yake palibaki duara safi, rangi ya ubao mpya, na vumbi limelizunguka kama ukingo wa sahani. Chupa ya chai nayo ilikuwa na duara lake. Albamu zilikuwa na pembe nne. Penye maduara ndipo pasipouzika, kitu hakijainuliwa tangu kiwekwe. Penye sabuni na mafuta na sukari vumbi lilikuwa limevurugwa huku na huku na mikono, hakuna alama inayosomeka.

Alimwachia kaka aangalie mwenyewe. Kaka alisimama mbele ya rafu zake zile zilizokuwa fahari yake, na kote alikotazama palikuwa na maduara. Duka lilikuwa limejaa, na karibu lote lilikuwa vitu ambavyo mtaa mzima ulishavikataa. Aliyejua alikuwa vumbi peke yake.

Mteja mmoja akaja kutaka sabuni ya kufulia. Kaka alifungua mdomo, "ki" ikatoka, iliyobaki ikamkwama. Akamwambia arudi baadaye. Bado hakuweza kulitamka.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu juu ya aibu, na aibu ya kufanya kazi inachosha kuliko ya kukaa. Biskuti za nyuma tulikuta tarehe zake zimepita, tena si jana. Kaka alipokuwa akinunua mpya aliziweka mbele kwa kuwa hapo ni rahisi mkono kufika, za zamani zikasukumwa ndani zikafia huko. Ilibidi kuzifukia shimoni, na majirani walipita wakauliza unafukia nini, Kipo? Rangi ya bluu aliipeleka kwa mshona viatu wa stendi, akaiacha kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia. Mshona viatu akasema ataichanganya na nyeusi, na akauliza, hivi ni nani aliyekudanganya? Kaka akamwambia ukweli. Nilidanganywa na kuitwa bosi.

Poda na albamu ziliuzwa kwenye meza kibarazani pangu, bei ya kutupa, ukichukua poda unaongezwa albamu. Nilizipigia debe huku nashona. Iliumiza kuzitazama zikienda kwa hela zile, na kaka alitaka kuzirudisha ndani mara mbili, akisema bei ikipanda zitauzika. Wifi alimwambia bei ya kitu kisichotakiwa haipandi, ila hela iliyolala ndani yake ndiyo sukari unayoikosa. Mishumaa ya keki ilichukuliwa yote na mwenye mgahawa, sijui ya nini, labda umeme unamkatikia.

Ofa alipokuja Jumatatu, kaka alimngoja amesimama. Alimwomba arudishe katoni za chupa za chai ambazo hazijafunguliwa. Ofa akacheka, akasema mzigo ulioshuka haupandi, bosi. Kaka akamwambia asimwite bosi. Walibishana sana mpaka Ofa akakubali kuzipokea kwa hasara yetu na kutoa sabuni badala yake. Tulipata sabuni chache, lakini zilikuwa sabuni. Hela iliyobaki yote ikaingia kwenye gunia zima la sukari na mafuta.

Na hapo ndipo nilipochangia na mimi, nikachangia uzi. Wifi alikuja kibarazani akaniomba uzi mwekundu. Aliufunga kwenye kipande kimoja cha sabuni, kikapangwa katikati ya safu. Vipya vinaingia nyuma, vya zamani vinasogea mbele, na siku mkono wa muuzaji ukifika kwenye chenye uzi, sabuni inaagizwa, hata kama rafu bado inaonekana imejaa. Waliketi kwanza wakakumbuka zinatoka ngapi kati ya gari moja na gari jingine, wakaacha nyuma ya uzi kiasi cha kuwafikisha Jumatatu, wakaongeza kidogo kwa sababu gari la Ofa nalo hupata pancha. Kwenye mafuta uzi ulikaa shingoni mwa chupa. Kwenye gunia la sukari nilishona mstari mwekundu kwa ndani, mikono yangu mwenyewe.

Pengo likitokea, liachwe pengo. Hilo ndilo lililomshinda kaka. Siku ya kwanza rafu ilipobaki wazi katikati, alikaa nayo kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alisogeza kopo mara mbili kulifunika, wifi akalirudisha mara mbili. Waliopita barabarani waliuliza kama duka linafungwa. Kaka alipata kuniambia kwamba sasa limefanana na la Mama Pacha, nikamwambia ajitahidi, bado kidogo.

Mwalimu hakurudi. Sukari ilikuwepo, sabuni zilikuwepo, karatasi za chooni zilikuwepo, na mpishi wa chekechea alipita mbele yetu kila wiki na kikapu kuelekea mtaa wa pili. Alitusalimia. Kaka aliitikia na kuinama kama anatafuta kitu chini ya kaunta. Wanunuzi wa kiberiti hawalishi watoto wanne, hilo tulilijua sote, na nyumbani kwa kaka mboga ilianza kupungua, wala safari hii si kwa kusema tu.

Halafu mchana mmoja mwalimu akapanda kibaraza. Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Nilificha futi, wallahi, nikaikalia.

Alisalimia kwenye kaunta. Kaka akaitikia kwa sauti ya mtoto wa shule. Mwalimu akasema kesho watoto wanafunga shule, watakata keki, na kule alikozoea ameambiwa hawauzi mishumaa. Akakumbuka kuiona hapa, rafu ya juu, siku nyingi tu. Akauliza ipo?

Nilimwona kaka yangu akipandisha macho kwenye rafu ya juu, pale mishumaa ilipokuwa imekaa ikila vumbi, mahali peupe sasa. Kitu chenyewe alichoongezewa na Ofa, alichokiuza bei ya kutupa wiki ile, ndicho kinachoulizwa leo, na mtu aliyekiulizia ndiye huyu. Mgahawa uko karibu. Mtu mwenye mbio angeweza kwenda akaomba vichache akarudi. Kaka alitazama mlango wa nyuma. Wifi alikuwa amekaa palepale kwenye kizingiti, anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Kooni mwa kaka kitu kilipanda, nikajua ni kikohozi. Akakimeza.

"Hakuna, mwalimu," akasema. "Ilikuwepo, nimeiuza. Hakuna."

Ilimtoka kwa shida, na masikio yalimwiva. Nilidhani paa la baba litatuangukia. Mwalimu akauliza habari ya sukari. Kaka akasema ipo.

"Niione kwanza," mwalimu akasema.

Hajawahi mtu kumwambia neno hilo kaka yangu dukani mwa baba yake. Palikuwa na wateja wengine wawili, na wote walisikia. Kaka hakukasirika. Aliinama, akalikumbatia gunia, akaliburuta mpaka mbele ya kaunta, akalikunjua mdomo, mstari wangu mwekundu bado umezama mbali chini. Mwalimu akaingiza kidole, akaonja mbele yetu sote. Kaka alisimama kando yake, mikono nyuma, macho chini, anangoja kuhukumiwa kama sukari yake ni sukari.

"Pima," mwalimu akasema.

Wakati kaka anapima, wifi aliinuka na ungo wake. Aliusukuma mlango wa nyuma ukafunguka wote, akauegemeza jiwe, uchochoro mzima ukaonekana kutoka kaunta. Kisha akarudi kukaa kizingitini, na hakuna aliyepita.